Vikundi vya hisa na uongozi wa kupokezana: tupeane uzoefu

Mpwapwa Juu
Msimu wa kuvunja kikundi na kugawana fedha umefika na mvutano ni uleule: nani anaachia kiti, nani anapokea daftari. Nazungumzia vikundi vya hisa visivyo na bosi wala karani wa kulipwa. Wanachama 20 hivi, hisa kila wiki, sanduku la kufuli 3, na uongozi unazunguka. Kupokezana huku kunahitaji nini ili kikundi kisimame? Na kwa kawaida kunakwama wapi?

Kijumbe wa Temeke
Mbona rahisi. Kwenye upatu wetu kila mtu anakuwa kijumbe kwa zamu, mwezi huu wewe, mwezi ujao mwenzako. Anakusanya, anamkabidhi wa zamu, basi.

Mkufunzi Mstaafu
Kijumbe, umejibu swali la upatu. Kwenye upatu fedha hailali. Inakusanywa na kuondoka siku hiyohiyo, kwa hiyo kijumbe mpya hana cha kurithi. Kwenye hisa kiongozi mpya anarithi fedha iliyomo sandukuni, mikopo iliyo mikononi mwa watu na riba ambayo bado haijalipwa. Akikosea kupokea, kosa la mwenzake linakuwa lake.

Ndiyo maana wakati mzuri wa kubadilisha uongozi ni mwisho wa mzunguko wa mwaka, sanduku likiwa tupu. Mikopo yote imerudi, mgawo umefanyika, kila mtu ameondoka na chake. Hapo chagueni kamati mpya ya watu 5: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha 2. Washika funguo 3 watoke nje ya kamati, na mtunza sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Kura iwe ya siri. Hata vijiwe vya kutia kwenye mfuko wa kila mgombea vinatosha, na kila nafasi iwe na wagombea wasiopungua 2, kwa sababu mgombea akiwa peke yake mkutano unampigia makofi tu na kiti kinabaki palepale.

Nyamisati
Hapo kwenye makofi umesema kweli tupu.

Chama Kisumu
Sikubaliani na mwaka mzima. Huku vyama vingine hubadilisha nafasi zote kila miezi 3, ili kila mwanachama ajue kazi ya kila kiti. Mtu akikaa mwaka anazoea kiti na kukiona chake.

Mkufunzi Mstaafu
Nia ni nzuri, ndugu yangu, na kwa kuendesha kikao ni sawa kabisa. Mwenyekiti wa kikao anaweza kubadilika hata kila wiki. Ila daftari na sanduku vikibadilisha mikono katikati ya mzunguko, hesabu ya makabidhiano lazima ifanyike yote.

Chukua mfano. Hisa moja ni 2,000, na hadi siku hiyo zimenunuliwa hisa 1,200, yaani 2,400,000. Riba iliyokwisha kulipwa ni 180,000. Jumla 2,580,000. Sasa kila mwenye mkopo asimame na kitabu chake, asome kwa sauti anachodaiwa bila riba ambayo hajalipa. Tuseme jumla ni 2,050,000. Sandukuni lazima mkute 530,000, si pungufu wala zaidi. Mkikuta 470,000, msisaini. Tafuteni ile 60,000 siku hiyo, katibu wa zamani akiwa amekaa hapo. Kikao hicho hakuna mkopo mpya kutoka. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidia wenye shida, uwe kwenye kibegi chake na uhesabiwe peke yake, faini nazo humohumo. Ukichanganywa, pengo la upande mmoja linafichwa na fedha ya upande wa pili.

Kufanya hivyo mara 4 kwa mwaka kunawezekana, lakini kwa kawaida mara ya kwanza hufanywa vizuri na ya tatu hufanywa kwa kuaminiana.

Dada Hisa
Kuaminiana! Kuna kikundi kimoja sikitaji. Wenyeviti walipokezana 4 ndani ya mwaka, lakini katibu alibaki yuleyule kwa sababu ndiye mwenye mwandiko mzuri. Vitabu vya wanachama alilala navyo nyumbani, eti ajaze kwa utulivu. Siku ya kuvunja mama mmoja anasomewa mkopo wa 200,000. Anasema sijakopa. Kitabu chake kina mkopo na kina saini. Wakaanza kufungua vya wengine, wakakuta watu 6, na wote ni wale waliokosa vikao miezi ya kilimo.

Hisa zilikuwa 2,400 za 2,000, yaani 4,800,000. Pamoja na riba walitegemea 5,520,000, kila hisa irudi na 2,300. Fedha iliyokuwepo ni 4,320,000. Gawanya: 1,800 kwa hisa. Mwenye hisa 150 aliweka 300,000 na kuondoka na 270,000. Watu walilia pale uwanjani.

Bonde la Juu
Mungu wangu. Katibu alikamatwa?

Nyamisati
Walirudishiwa?

Dada Hisa
Aliahidi kulipa kidogokidogo. Kikundi hakikuanza tena.

Kaka Fundi
Huyo ni mwizi tu. Msiseme mfumo, semeni tabia. Chagueni waaminifu.

Dada Hisa
Kaka, alichaguliwa kwa uaminifu wake! Wenyeviti 4 wakapita mbele yake na hakuna aliyewahi kufungua daftari.

Mkufunzi Mstaafu
Dada yuko sahihi. Kilichozunguka pale ni kiti cha mbele tu, kazi yenyewe ilibaki kwa mtu mmoja. Vitabu hufungiwa sandukuni pamoja na fedha, na vinatoka mbele ya kikao tu. Mkopo hutolewa mkononi mwa mkopaji, watu wakiona, naye anataja kiasi kwa sauti. Asiyekuwepo hakopi. Kabla ya kufunga, mwenyekiti anatangaza salio na wote wanalikariri. Kikao kijacho wahesabu wanahesabu na wanachama wanasema kama ndilo lile. Mkifanya hivi, kiongozi mpya anakuta watu 20 wanaojua salio, hategemei kichwa cha katibu.

Chama Kisumu
Na funguo? Kufuli huuzwa na funguo 2 au 3. Mshika funguo anakabidhi mmoja, mwingine uko wapi?

Mkufunzi Mstaafu
Swali zuri, na wengi hulisahau. Siku ya makabidhiano hesabuni funguo zote za kila kufuli, na za akiba. Ukikosekana mmoja, nunueni kufuli mpya.

Bonde la Juu
Kwetu shida ni nyingine. Kati ya 18 wanaoandika vizuri ni 2. Tutazungushaje ukatibu?

Nyamisati
Hisa zigongwe muhuri badala ya kuandika tarakimu. Mihuri 3 ni hisa 3, asiyesoma anahesabu mwenyewe. Kalamu inabaki kwa mikopo tu.

Mkufunzi Mstaafu
Na katibu ajaye akae pembeni ya aliyepo miezi 3 ya mwisho, yeye ajaze, mwenzake asahihishe. Kwa wawili tu mtakuwa mnapokezana haohao, hilo siwezi kuliondoa.

Kaka Fundi
Mlipeni katibu, utaona watakavyojitokeza.

Chama Kisumu
Ukimlipa hatakubali kutoka. Afadhali faini kwa anayekataa zamu.

Bonde la Juu
Faini kwa mama anayenyonyesha? Hapana jamani. Mwaka jana 3 walijitoa kwa ajili hiyo, na mmoja ndiye aliyekuwa anajua kuandika.