Uwiano, kipeuo, kulinganisha au alama zinazopishana: nianze na kipimo kipi? (asaimenti ya Jumatatu)

kijana_wa_kona
Wadau habari za jioni. Nina asaimenti ya mifululizo isiyo na mwisho, inakusanywa Jumatatu asubuhi. Tunatakiwa tuchague kipimo kimoja kati ya hivyo vinne, tuseme mfululizo unakonveji au unadaiveji, halafu tutetee kwa nini tumechagua hicho. Kundi letu limegawanyika, wawili wanataka uwiano, mmoja kipeuo, mimi nataka ile ya alama zinazopishana. Kipi bora? Nataka nikishike kimoja vizuri maana muda ndo hivyo tena

Mama_Integrali
Mwanangu, mfululizo wenyewe uko wapi? Hapo umeuliza nitumie ufunguo gani na mlango hujatuonyesha.

resho_daima
Hata bila swali, uwiano. Mimi naanza na uwiano kila siku, chukua temu inayofuata gawa kwa iliyotangulia, alama usizihesabu, limiti ikiwa chini ya 1 umemaliza, ikizidi 1 umemaliza. Dakika mbili

Mama_Integrali
Na ikitoka 1 kamili?

resho_daima
Hapo ndo unahamia kwingine, sio mbaya

babu_K
Kijana tumia S = a/(1−r), hakikisha tu r iko kati ya −1 na 1. Tulifundishwa sekondari, hayo mengine ni kujisumbua

Mama_Integrali
Babu shikamoo. Hiyo ni ya mfululizo ambao uwiano wake haubadiliki kutoka temu hadi temu. Yake hatujaiona bado, ila sidhani kama lekchara angewapa hiyo.

kijana_wa_kona
Samahani nilikuwa darasani. Swali ni hili, linaanza n=2:

(−1)^n / (√n + (−1)^n)

Mimi naona alama zinapishana na temu zinaenda sifuri, kwa hiyo imeisha, inakonveji?

resho_daima
Aah hiyo uwiano utatoa 1. Basi tumia alama zinazopishana, dogo yuko sahihi

Pwani_Analisisi
Ngojeni kwanza. Uwiano utatoa 1, kipeuo nacho kitatoa 1, na hilo unaliona kabla hujashika kalamu kwa sababu temu zinashuka kwa mwendo wa √n tu. Vipimo hivyo viwili vyote kazi yao ni kuulinganisha mfululizo wako na ule wa r^n, sasa kitu kinachoshuka polepole kama n, √n au hata n^100 kwenye asili, vyote viwili havioni chochote. Ukiona faktoria au kipeo chenye n, hapo ndo vina kazi.

Kwa hiyo watatu kati yenu kwenye kundi wameshatoka. Kuhusu wewe, kipimo cha Leibniz kina masharti matatu na umetaja mawili. La tatu ni kwamba ukiondoa alama, temu lazima ziwe zinashuka kila hatua. Hebu hesabu temu tano za kwanza bila alama utuwekee hapa.

kijana_wa_kona
n=2 ni 0.414
n=3 ni 1.366
n=4 ni 0.333
n=5 ni 0.809
n=6 ni 0.290
Duh, inapanda inashuka

linganisha_tu
Kwani shida iko wapi jamani, n ikiwa kubwa ile (−1)^n ya chini haina uzito wowote mbele ya √n. Linganisha na (−1)^n/√n, gawanya moja kwa nyingine limiti inatoka 1, na hiyo ya pili inajulikana inakonveji kwa Leibniz, basi na yake inakonveji. Kulinganisha kwa limiti ndo mfalme wa vipimo vyote, nilishasema humu mara nyingi, watu hawasikii

Pwani_Analisisi
Limiti ni 1 kweli, hapo sina ubishi. Lakini kulinganisha kwa limiti kunafanya kazi temu zikiwa chanya tu (au zote hasi). Alama zikipishana kipimo hicho hakina uthibitisho wowote nyuma yake, na swali hili limetungwa makusudi kumnasa anayefanya hivyo. Angalia.

Zidisha juu na chini kwa √n − (−1)^n, ile mbinu ya kuondoa kipeuo kwenye asili. Chini unapata n − 1. Juu unapata (−1)^n √n − 1, kwa sababu (−1)^n mara (−1)^n ni 1 siku zote. Kwa hiyo temu yako ni

(−1)^n √n/(n−1) − 1/(n−1)

Kipande cha kwanza alama zinapishana, na √n/(n−1) inashuka kila hatua mpaka sifuri, kwa hiyo Leibniz anakipitisha bila shida. Kipande cha pili ni 1/1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea, na alama ya kutoa mbele. Huo unadaiveji. Kinachokonveji ukijumlisha na kinachodaiveji jibu ni kudaiveji, hakuna namna. Mfululizo wa kijana UNADAIVEJI, unateremka kwenda hasi bila mwisho.

linganisha_tu
Mi siamini mpaka nione namba

kodi_na_chai
Nimeuendesha kwenye leptopu sasa hivi

```
s = 0
for n in range(2, 10001):
    s += (-1)**n / (n**0.5 + (-1)**n)
    if n in (100, 1000, 10000):
        print(n, round(s, 1))
```

100 inatoa −4.2, 1000 inatoa −6.6, 10000 inatoa −8.9

linganisha_tu
Sasa si inapunguza mwendo hiyo? Labda itatulia kwenye −10 huko

Pwani_Analisisi
Angalia tofauti. Kila ukizidisha n kwa 10 jumla inashuka kama 2.3, na 2.3 ndo logi asilia ya 10. Ndivyo 1 + 1/2 + 1/3 unavyotembea, taratibu sana ila hausimami. Kompyuta haiwezi kukuamulia hili, ukisimama kwenye 10000 utaona kama inatulia.

resho_daima
Sawa nimeelewa, kwa hiyo kanuni ni hii, temu zisiposhuka kila hatua basi mfululizo unadaiveji. Dogo andika hivyo

Pwani_Analisisi
Hapana hapana usiandike hivyo! Badilisha √n weka n tu, uwe (−1)^n/(n + (−1)^n). Bila alama temu ni 1/3, 1/2, 1/5, 1/4, nazo zinapanda na kushuka vilevile. Fanya mbinu ileile, utapata (−1)^n n/(n²−1) kutoa 1/(n²−1). Safari hii vipande vyote viwili vinakonveji, kwa hiyo mfululizo mzima unakonveji. Sharti la kushuka likivunjika maana yake Leibniz amenyamaza, hajasema ndiyo wala hapana.

tina_wa_sapu
Hilo sharti la kushuka lina historia na mimi naomba niseme. Mwaka wa pili tulipewa (−1)^n (ln n)/n, nikaandika alama zinapishana, temu zinaenda sifuri, zinashuka, inakonveji. Jibu sahihi kabisa. Msahihishaji akanipa maksi 2 kati ya 8, pembeni kaandika "zinashuka tangu wapi?" Nikaenda ofisini kwake nikasubiri mpaka nikachoka, alipofika akanichukulia kalkuleta: n=2 ni 0.347, n=3 ni 0.366. Imepanda! Kumbe inaanza kushuka kuanzia 3, kwa sababu ukitafuta mnyambuliko juu unapata 1 − ln x, na hiyo inakuwa hasi x ikishapita 2.718. Nikamwambia lakini temu moja ya mwanzo haibadilishi kukonveji, akasema ni kweli haibadilishi ila hukuandika. Maksi hakurudisha, na somo lile nililirudia kwa maksi chache tu zilizopungua. Mpaka leo naona nilionewa

Mama_Integrali
Pole mwanangu. Maksi 2 ni ukali uliopitiliza, ningekupa 5 au 6. Ila mstari mmoja wa "kuanzia n = 3" ulitakiwa uwepo.

linganisha_tu
Msahihishaji alikuwa sahihi mbona, uthibitisho ni uthibitisho

tina_wa_sapu
@linganisha_tu wewe uliyelinganisha alama zinazopishana kwa limiti ndo unaongea 😂

kipeuo_fc
Mbona kipeuo hakina mtetezi humu? Kipeuo kina nguvu kuliko uwiano, popote uwiano unapotoa jibu kipeuo nacho kinatoa. Kinyume chake si kweli. Chukua 2^(−n+(−1)^n): temu ni 1/4, 1/2, 1/16, 1/8... uwiano unaruka 2, halafu 1/8, halafu 2, hauna limiti kabisa. Kipeuo cha n kinakwenda 1/2 moja kwa moja, inakonveji

resho_daima
Nguvu ya kwenye makaratasi hiyo. Nipe n!/n^n kwa kipeuo tuone

kipeuo_fc
Unatumia Stirling

resho_daima
😂😂 Stirling kwenye chumba cha mtihani. Kwa uwiano faktoria zinakatana, inabaki (n/(n+1))^n, limiti 1/e, kama 0.37, chini ya 1, funga daftari

Pwani_Analisisi
Wote mko sawa. Kipeuo kinafika mbali zaidi, uwiano ni rahisi kuhesabu faktoria ikiwepo. Ila kwa swali la kijana vyote viwili ni bure.

kijana_wa_kona
Asanteni sana wakuu. Sasa swali linasema chagua kipimo KIMOJA, mimi nimetumia Leibniz kwa kipande cha kwanza na cha pili nimesema tu ni 1/n iliyosogezwa hatua moja. Niandike nimechagua kipi?

Mama_Integrali
Andika kulinganisha. Kuna njia nyingine: zikusanye temu mbilimbili, ya n=2 na n=3, ya 4 na 5. Jozi zote zinatoka hasi: −0.952, −0.476, −0.318. Zikiwa zote alama moja, sasa kulinganisha kwa limiti na 1/n kunaruhusiwa. Jozi zikidaiveji, mfululizo wenyewe unadaiveji. Kipimo kimoja, swali limejibiwa.

Pwani_Analisisi
Nzuri hiyo, ila mimi ningeandika ukweli, kwamba hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake kabla hujaipasua au kuipanga upya temu. Lekchara mwenye akili atafurahi.

tina_wa_sapu
Na asiye na akili atakupa 2 kati ya 8

babu_K
Mimi nauliza, hiyo r mmeshaipata?

kijana_wa_kona
Naelekea kwenye jozi za Mama kwa sasa, wenzangu wa uwiano bado wanabisha. Halafu kuna kipengele (b), wameweka x^n juu wanataka tuseme x ipi inakonveji, hiyo nayo ni Leibniz?

resho_daima
UWIANO! Hatimaye

Mama_Integrali
Uwiano kwa katikati, ndiyo. Kwenye x = 1 na x = −1 uwiano utakuacha njiani, jaribu mwenyewe kwanza utuwekee ulichopata.