Ujumbe wa kuomba wateja waniletee wenzao: nimeandika, hakuna anayejibu

Mama_Usafi: Wakuu, nasafisha makochi majumbani hapa Dar. Seti moja 60,000, na nikitoa dawa, nauli na msaidizi nabaki na 25,000. Nimewatumia wateja 40 kwa brodikasti ya WhatsApp: "Mlete rafiki upate zawadi." Kimya. Nimekosea wapi?

Kibaha77: Wape asilimia 20 ya bei. Hela kidogo haimwamshi mtu.

Mzee_wa_Hesabu: Asilimia ya bei itakuumiza, kwa sababu 20 ya 60,000 ni 12,000, karibu nusu ya faida yako. Anza na faida: 5,000 kwa aliyeleta na punguzo la 5,000 kwa mgeni, ubaki na 15,000. Kitu kingine, brodikasti haimfikii mtu ambaye hajasevu namba yako. Huenda wengi kati ya hao 40 hawakuiona kabisa.

Tuma kwa mmoja mmoja, siku ya pili baada ya kazi. Usitume jioni ileile, maana kitambaa kikikauka doa la ndani huweza kupanda juu, na hapo unaomba fadhila kwa mtu aliyekasirika. Tenganisha jumbe mbili. Ya kwanza ni yake:

"Habari dada Rehema, makochi yamekauka vizuri? Kama kuna jirani anayehitaji, mtumie ujumbe unaofuata. Kazi yake ikiisha na akilipa, nakutumia 5,000 siku hiyohiyo. Mwisho tarehe 30 mwezi huu."

Subiri akujibu kuhusu makochi kwanza, ndipo utume ya pili, ya kusambazwa. Hiyo iwe na picha ya kabla na baada, bei, punguzo na linki:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimetumwa%20na%20Rehema
```

Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha. Mgeni akibonyeza anakuta "Nimetumwa na Rehema" imeshaandikwa, kwa hiyo hutabishana na mtu nani kamleta nani.

Binti_Tanga: Mimi nauza vitenge. Si rahisi zaidi kumwomba mteja namba za rafiki zake, nikawapigia mwenyewe?

Mzee_wa_Hesabu: Hapana dada, hilo ni jambo jingine. Hao hawajakuruhusu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mteja asambaze mwenyewe, anayetaka atakutafuta.

Mama_Usafi: Wawili wakidai mgeni mmoja?

Mzee_wa_Hesabu: Jina lililo kwenye ujumbe wa kwanza wa mgeni ndilo linalolipwa. Aliyewahi kuwa mteja wako hahesabiwi. Liseme mapema.

Kibaha77: Sawa kwenye faida, nimekubali. Ila pesa taslimu inamgeuza mteja dalali. Bora punguzo la kazi yake ijayo.

Mzee_wa_Hesabu: Makochi husafishwa mara moja au mbili kwa mwaka. Punguzo la Desemba litamsukuma nani leo?

Kibaha77: Mpe achague basi. Mtu wa Masaki hatasumbuka kwa 5,000, huyo msafishie zulia dogo la mlangoni bure.

Mama_Usafi: Zulia dogo linanigharimu dawa tu kama nipo hapohapo. Naanza na wateja kumi wa wiki hii, nusu pesa, nusu zulia.