Gari ya mkopo au ya kibubu? Tupeane uzoefu, IST yako ilikugharimu ngapi mpaka mwisho

Wakuu mi naanza. 2022 nilichukua mkopo wa mshahara, milioni 15, miezi 36, riba 17, nikavuta IST pale yadi. Makato 534,800 kila mwezi. Juzi nimemaliza nikapiga hesabu, inakuja milioni 19 na laki 2 na nusu! Na hapo sijaweka bima ya mkopo na ada, maana nilisaini 15 ila iliyoingia akaunti ilikuwa pungufu ikabidi nimpigie shemeji anikopeshe nimalizie. Wenzangu mlifanyaje?

Mzee wa Kimara: Umepigwa mkuu. 17% ya 15 ni 2,550,000, ulitakiwa ulipe 17 na nusu basi.

Dada Mikopo: Hapana kaka, hiyo 17 ni ya kila mwaka. Nimekaa dawati la mikopo miaka 9. Mwezi wa kwanza riba inapigwa kwenye 15 yote, inakuja 212,500, kwa hiyo kwenye ile 534,800 deni linashuka 322,300 tu, mwezi wa pili inapigwa kwenye kilichobaki na kuendelea. Ndo maana mwaka wa kwanza mtu anarejesha 6.4 deni limeshuka 4.2, akija kufunga mkopo mapema anahisi kaibiwa. Wa kuogopa ni wale wanaokwambia 17 halafu wanaipiga kwenye 15 ile ile miaka yote mitatu, hapo riba ni 7,650,000 na makato yanafika 629,000. Omba ratiba ya marejesho kabla hujasaini, ukiona safu ya riba haishuki mwezi hadi mwezi ujue ndo hiyo.

Mama Wawili: Mi nilidunduliza UTT tangu mwanzoni mwa 2023, gari nililolenga Japani dola 3,000 mpaka bandarini. Dola ilikuwa 2,300 na kitu, kufika katikati ya 2024 imepita 2,600, yaani karibu laki 9 imeongezeka nimekaa tu, na TRA nao ushuru wanapigia hapo hapo. Ila kadi ya gari ninayo mwenyewe kabatini, sijutii.

Chuga boy: Mi yangu niliiweka taksi ya mtandaoni ikawa inajilipa yenyewe, mwezi wa 14 giaboksi ikafa, gari wiki 5 gereji na makato yanatembea kama kawa. Halafu jamani Passo na IST ipi haili mafuta?

Mzee wa Kimara: Dada nimekuelewa, kumbe. Sasa mi ninazo 8 mkononi, nikope 7 au nisubiri?

Dada Mikopo: Miezi 24 kwa riba hiyo hiyo makato ni kama 346,000, riba yote milioni 1 na laki 3 hivi. Kwa sasa nauli ya familia nzima kwa mwezi inakutoka shingapi?