Naomba ushauri: mstari mmoja wa wasifu umetukwamisha

Wakuu, habari. Nimehitimu uhasibu. Mzee mmoja mstaafu wa fani hii ananisaidia kuandika upya wasifu wangu, mstari kwa mstari, tangazo la kazi likiwa mezani.

Kwenye mafunzo kazini niliandika "nilisaidia idara ya fedha". Akauliza, "Mwanangu, ulisaidia kufanya nini hasa?" Sasa unasomeka: "Nililinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha kila mwezi, nikafuatilia hundi ambazo hazijalipwa." Ni bora mno.

Ila tangazo linataka mtu aliyewahi "kuandaa ripoti ya usuluhisho wa benki". Niliiandaa mimi, msimamizi akaikagua na kusaini. Mzee anataka niongeze "chini ya ukaguzi wa msimamizi". Nahofia maneno hayo yatanishusha. Mliowahi kuchuja maombi, mngeuelewaje mstari huo?