Mpango wa kuboresha utendaji wa siku 30: nisaini hivyo hivyo, nijibu kwa maandishi, au nichukue malipo niondoke?

Dada_Cheyo
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi moja ya fedha hapa Tabora mjini, huu ni mwaka wangu wa nne. Ijumaa meneja kaniita ofisini, kanipa karatasi ya "Mpango wa Kuboresha Utendaji", anataka niirudishe Jumatano ikiwa na saini. Naandika kama ilivyo:

1. Kushusha mikopo iliyolala zaidi ya siku 30 (kwenye mfumo inasomeka PAR 30) kutoka asilimia 14 hadi asilimia 5 ndani ya siku 30.
2. Kuboresha mahusiano na wateja na kuonyesha ari ya kazi.
3. Mfanyakazi atapewa msaada unaohitajika.
4. Akishindwa, mwajiri atachukua hatua stahiki.

Mikopo yangu yote iliyo nje ni milioni 180. Iliyolala ni milioni 25.2, na humo milioni 11.4 ni ya vikundi viwili vya Sikonge nilivyorithishwa mwezi wa kumi baada ya mwenzangu kuondoka. Vilikuja vimeshalala. Wateja wangu wengine wengi ni wakulima wa tumbaku, na huu ni mwezi wa pili, nyie wenyewe mnajua mfukoni kukoje.

Naona njia tatu. Nisaini yaishe nikapambane. Nisaini ila niandike maoni na kuomba virekebishwe. Au nichukue mshahara wa miezi miwili, maana meneja kaniambia pembeni kuwa nikikubali kuondoka kwa makubaliano nitalipwa hiyo. Mngekuwa nyie?

Boda_wa_Ipuli
Usisaini chochote! Ukisaini umekiri kwamba hujui kazi. Hiyo ni kamba wanakusokotea. Kesho asubuhi nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ukafungue kesi.

Mzee_Isevya
Marahaba binti. Nimekaa ofisi za rasilimali watu miaka mingi, nina la kusema.

Boda ana haki kwenye jambo moja: wapo waajiri wanaotoa mpango kama huu ili faili lijae tu. Ila kukataa kusaini hakukusaidii. Meneja ataandika "amekataa kusaini" mbele ya shahidi na siku zitaanza kuhesabika vile vile. Na CMA utaenda kulalamikia nini wakati bado uko kazini? Hilo la kuachishwa isivyo halali linaanza siku unayoachishwa, na hapo una siku 30 za kupeleka lalamiko. Zishike kichwani, kwa leo bado.

Andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea. Sikubaliani na kipengele 1 na 3, maoni yangu yameambatishwa." Weka tarehe, piga picha, baki na nakala.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana ndiyo silaha yako. Asilimia 5 ya milioni 180 ni milioni 9. Vile vikundi vya Sikonge peke yake ni milioni 11.4. Maana yake hata wateja wako wengine wote waliolala wakiamka kesho, wote bila kubaki hata mmoja, bado unasoma asilimia 6.3. Umefeli kabla hujaanza. Tena wakilipa, ile milioni 180 nayo inapungua, kwa hiyo asilimia inapanda kidogo. Andika mistari hiyo mitatu kwenye maoni yako bila lawama wala maneno makali. Mtu yeyote atakayeisoma baadaye, awe makao makuu au mwamuzi, ataielewa bila kuwa mtaalamu wa mikopo.

Mwl_Urambo
Pole sana mdogo wangu. Hata mimi PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilinisumbua, nimejaza kazi zangu kila wiki, mkuu wangu haidhinishi, mwishoni alama zikawa chini. Je, naweza kudai na mimi huo mpango wa siku 30? Na nikiupeleka CMA watapokea?

Mzee_Isevya
Mwalimu, wewe ni mtumishi wa umma, njia yako ni nyingine kabisa. Rufaa zenu zinapitia mamlaka za utumishi wa umma kwanza. Fungua mada yako tutakujibu, hapa tusimchanganye binti.

Kaka_Nzega
Mimi nimesimamia tawi, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa pili wa meza. Si kila meneja ana nia mbaya. Mara nyingi makao makuu wanamtumia lengo la tawi zima, asilimia 5, naye analinakili kwa kila afisa bila kuangalia nani kabeba nini. Ukimletea hesabu kama ya Mzee hapo juu anapata cha kupeleka juu.

Ila kwenye tumbaku nakubana kidogo. Umesema "wengi" ni wakulima, si wote. Ukitoa Sikonge unabaki na milioni 13.8. Humo wa mjini ni shilingi ngapi? Wale wa sokoni wanauza kila siku, hao hawasubiri msimu.

Kitu kingine, usikubali lengo la asilimia tupu. Nimeona afisa kafikisha lengo kwa kukopesha wapya haraka haraka. Milioni 25.2 ikiwa ndani ya milioni 250 inasomeka asilimia 10, na hakuna hata shilingi iliyorudi. Baada ya miezi minne wale wapya nao wakalala. Omba lengo liandikwe kwa shilingi na kwa majina ya wateja.

Dada_Cheyo
Asanteni. Kaka, wa mjini waliolala ni milioni 5.6, wakulima milioni 8.2. Hao wa mjini nakubali nimewalegezea, kwa sababu muda mwingi niko njia ya Sikonge. Pikipiki ya ofisi tunashea wawili, na mafuta ni lita 5 kwa wiki. Kwenda tu Sikonge ni kilometa sabini na kitu, nikizunguka vijijini na kurudi yamekwisha. Msaada wenyewe nikiuliza ni upi naambiwa "sema unachotaka".

Mzee_Isevya
Amekupa kalamu, basi andika! Kipengele cha 3 ndicho kibovu kuliko vyote na ndicho watu wanakiruka. "Msaada unaohitajika" hauna jina la mtu wala tarehe, kwa hiyo hakuna siku utakayoweza kusema haukutolewa. Kibadilishe kiwe hivi: pikipiki kwako siku tatu za wiki zilizotajwa, mafuta lita 12 kwa wiki yanayotolewa Jumatatu, meneja kwenda nawe Sikonge mara mbili mwezi huu kukaa na viongozi wa vile vikundi, na kikao cha dakika 30 kila Ijumaa chenye muhtasari unaosainiwa na wote wawili. Kisha ongeza sentensi moja: msaada ukichelewa, muda wa mpango unasogea kwa siku hizo hizo. Hiyo sentensi watakayoipigia kelele ndiyo yenye thamani.

Kipengele cha 2 omba kifutwe au kipewe kipimo. "Ari ya kazi" inapimwaje? Kama kuna malalamiko ya wateja, wakuonyeshe ni yapi na ya lini.

Kuhusu muda, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, hazisemi siku 30 wala 90. Zinadai muda wa kuridhisha, kwa kuangalia aina ya kazi, ukubwa wa upungufu, umekaa kazini muda gani na rekodi yako ya nyuma. Zinamtaka pia mwajiri achunguze sababu ya upungufu, na atoe maelekezo au mafunzo pale yanapohitajika, kabla ya kufikia kukuachisha. Tathmini zako za miaka iliyopita zilikuwaje? Kama nzuri, ambatisha.

Kaka_Nzega
Kwa malengo yenyewe ningeandika hivi. Wa mjini: kutoka milioni 5.6 hadi chini ya milioni 2 ndani ya siku 45, hilo linawezekana na utaonekana hujakwepa. Kumbuka mteja hahitaji kumaliza deni lote ili atoke kwenye PAR 30. Akilipa marejesho aliyoyaruka mpaka ucheleweshaji ushuke chini ya siku 30, salio lake lote linatoka. Kwa hiyo anza na wenye salio kubwa na ucheleweshaji mdogo, siku 31 hadi 45, ndio wanaosogeza namba haraka.

Wakulima: kwa sasa pima ulichofanya, yaani kila mmoja ametembelewa, kuna ahadi ya maandishi, na kiongozi wa AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, anajua deni. Hela yenyewe ipimwe soko likishafunguliwa. Na hata hapo AMCOS inakata deni la pembejeo kwanza, mkulima anabaki na kinachobaki. Hivyo usiahidi asilimia 100.

Sikonge nisingeitoa kabisa. Ni mikopo ya taasisi na sasa iko mikononi mwako.

Mzee_Isevya
Hapo hatukubaliani. Iandikwe mstari wake peke yake, ifuatiliwe, lakini isihesabiwe kwenye kufaulu au kufeli. Huwezi kumpima mtu kwa mkopo ambao hakuutathmini, hakuutoa na ulikuja kwake umeshakufa.

Kaka_Nzega
Mzee, meneja wake hatakubali milioni 11.4 iachwe bila lengo. Angalau alengwe kiasi kidogo, hata milioni 2.

Boda_wa_Ipuli
Mnajadili lengo na mtu aliyeshaahidi mishahara miwili aondoke? Huyo ameshaamua zamani.

Mama_Kiloleni
Boda safari hii umenena. Mimi niliichukua hiyo njia ya tatu, ofisi nyingine. Nilipewa karatasi ya makubaliano nikasoma hela tu. Dada, soma ule mstari unaosema huna madai mengine yoyote dhidi ya mwajiri, kwa sababu ukiusaini, habari ya kuachishwa isivyo halali imekwisha. Pia uliza miezi miwili hiyo ni nini. Kwangu ilikuwa imejumlisha notisi na likizo ambayo haikuchukuliwa, vitu ambavyo ningelipwa hata bila makubaliano. Waambie waorodheshe kila kiasi na jina lake. Ukitoa notisi na likizo, huenda unabaki na kidogo sana. Na usiandike barua ya kujiuzulu eti "kurahisisha", hiyo ni habari nyingine.

Ila sikatai, kuna watu njia hiyo imewafaa. Nilipata kazi Nzega baada ya miezi mitatu na CV haikuwa na doa.

Dada_Cheyo
Tathmini ya mwaka juzi na jana zote "nzuri", nakala ninazo. Nimeamua njia ya pili kwanza, nimeandika kurasa moja na nusu. Mzee, niipeleke kwa mkono au kwa barua pepe? Na nikikaa kimya hiyo milioni 2 ya Sikonge hadi wenyewe waitaje, nitaonekana mjanja?

Mzee_Isevya
Vyote viwili. Karatasi kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na jioni hiyo hiyo barua pepe fupi: "Kama tulivyozungumza leo, nimeambatisha." Tuma kwa meneja na nakala rasilimali watu. Asipojibu, kumbusha baada ya siku tatu, huku ukiendelea na wateja wa mjini kama vile ameshakubali, maana siku zinahesabika. Na wakifikia hatua ya kikao cha kukuachisha, una haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mtafute mapema.

Kuhusu Sikonge, mimi ningekaa kimya.

Kaka_Nzega
Mimi ningeitaja mwenyewe. Lakini mafuta yaandikwe kwanza.