Tupeane uzoefu: chafya na macho kuwasha kila mijakaranda inapochanua

Mwenye mada, Arusha: Wakuu, habari za leo. Kila Oktoba mjakaranda wa uani ukianza kumwaga maua, nami naanza. Nikiamka napiga chafya kumi na tano mfululizo, macho yanawasha na kutiririka machozi, kamasi nyepesi kama maji, homa hakuna. Mwaka juzi nikaukata mti. Mama watoto alininunia siku mbili. Oktoba iliyofuata chafya zikarudi vilevile! Wenye shida hii mnafanyaje?

Mama Wawili: Pole kaka. Mimi msimu wangu ni Juni, masika yakishaisha na nyasi zikatoa mbegu. Jirani akifyeka tu nafunga madirisha, na siku hiyo sianiki mashuka nje. Niliwahi kuyaanika, usiku sikulala.

Dereva Boda: Piritoni, mkuu. Bei ya karanga na chafya zinakata. Ila juzi nilisinzia kwenye foleni mpaka wa nyuma akanipigia honi, nadhani ni uchovu.

Tabibu wa Pua: Huo si uchovu, ni piritoni. Acha kuimeza ukiwa kazini. Setirizini au loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima, hazilevyi sana. Setirizini bado inawasinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo ijaribu kwanza siku ambayo huendeshi.

Mwenye mada, mti umeuonea. Ua la mjakaranda ni kubwa na lina rangi kwa sababu linamwita nyuki. Chavua yake hubebwa na wadudu, haipeperuki sana. Inayotusumbua zaidi ni ile ya kubebwa na upepo, kama ya nyasi. Mjakaranda unachanua kiangazi, wakati ambao vumbi nalo limetawala, ndiyo maana lawama zinauangukia. Hebu andika kwa wiki mbili: saa ngapi chafya zimeanza, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini.

Mjukuu wa Meru: Tabibu, mimi nikipita chini ya mijakaranda napiga chafya papo hapo. Hilo huniambii kitu.

Tabibu wa Pua: Sikatai. Kuna pua zinazochokozwa na harufu tu, na barabara hizo zina vumbi na moshi pia.

Baba Junia: Mwanangu wa miaka mitatu anatoa kamasi tundu moja tu, nzito, inanuka. Nimpe setirizini?

Tabibu wa Pua: Hapana. Mtoto wa umri huo, tundu moja, harufu: huenda ameingiza punje ya haragwe au kipande cha sponji. Usichokoe mwenyewe, mpeleke leo hospitali akaangaliwe pua. Mzio kwa kawaida huwasha na kutiririsha matundu yote mawili.

Mwenye mada: Nimerudi baada ya wiki mbili. Siku kumi na moja chafya zilianza kabla sijatoka kitandani. Mara nne nikifagia uwanja. Ofisini, ambako dirisha langu linatazama mijakaranda mitatu, sikupiga hata moja. Mama watoto amesoma daftari, hajasema kitu, ameangalia kisiki tu.

Tabibu wa Pua: Basi anza na kitanda. Kwenye godoro na mto wanaishi wadudu wasioonekana kwa macho, wanakula magamba ya ngozi yetu, na kinyesi chao ndicho kinachochokoza pua. Mashuka na foronya zifue kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu. Godoro livalishe kava zito la zipu. Uwanja unyunyizie maji kabla ya kufagia, au afagie mwingine.

Mama Wawili: Sasa kama ni kitanda, mbona ni Oktoba tu?

Tabibu wa Pua: Swali zuri. Ninavyoona mimi, kitanda kinamchokoza mwaka mzima kidogokidogo, kisha vumbi la kiangazi linamalizia. Bila kipimo cha ngozi siwezi kuapa.

Fundi Cherehani: Mimi natumia matone ya kuzibua pua. Sekunde chache tu inafunguka! Nayatumia mwezi wa tatu sasa, ila siku hizi nisipoweka inaziba kabisa.

Tabibu wa Pua: Dada, sasa matone ndiyo yanayoiziba. Yale hayazidi siku tano. Nenda kliniki wakusaidie kuyaacha, mara nyingi wanaweka dawa ya kupuliza ya flutikazoni. Hiyo haifungui papo hapo, ipe hadi wiki mbili, kila siku. Inamisha kichwa kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, ncha ielekee sikio la upande huo, siyo ukuta wa katikati, maana ukiupiga huo kila siku utatoka damu. Vuta taratibu. Ukisikia uchungu kooni, umevuta kwa nguvu mno.

Mwenye mada: Kava nimenunua. Ila kuna paka wa mtoto, analala miguuni petu. Naye nimwandike kwenye daftari?