Naomba ushauri: mbuzi kala kazi yangu ya hesabu, mwalimu nimwandikie nini?

Asalaam aleykum, mie nasoma darasa la sita huku Wete, naandika kwa simu ya mama. Barua nimeianza hivi, mnambie kama itaaminika:

Shkamoo mwalimu. Jana nilikaa barazani nafanya zile hesabu za sehemu huku nakula muhogo wa chumvi, vidole vikaroa, daftari likaingia chumvi, na mbuzi kwa chumvi hana subira. Nilivoingia ndani kunywa maji tu keshakata kamba. Kwanza aliramba, kisha akachana, maana mbuzi hana meno ya mbele juu, ndo ukingo wa karatasi umenyofoka hivi, mkasi haukati hivi. Nikamfata chini ya mfenesi, kalala anacheua. Najua chakula chake hurudi mdomoni akakitafuna tena, basi nikakaa mbele yake mpaka magharibi nikingojea walau namba sita irudi, ile nlopata 3/4 nikaihangaikia mno. Hakufungua mdomo hata kidogo, anatafuna tu ananitazama.

Sasa kipande kilobaki nikibandike kwenye barua, au nimpeleke mbuzi mwenyewe skuli? Bibi hataki, anasema ana mimba.